Gharama ya muhula mzima kwa mtoto mmoja, na punguzo la ndugu linakatwa wapi

"Wakuu, mdogo wangu anaanza la kwanza Januari, inglishi midiamu hapa Dar. Ada ni 1,200,000 kwa mwaka, na wametuahidi punguzo la asilimia 10 kwa sababu kaka yake yuko la nne palepale. Nikiweka sare, vitabu na gari la shule, muhula wa kwanza nijiandae na shilingi ngapi?"

Mkuu, weka kama 1,076,000 kwa muhula wa kwanza, na muhula wa pili utashuka hadi kama 810,000. Nimetumia ada yako na bei nilizolipa mimi kwa mwanangu aliyeanza la kwanza. Tunaishi Goba, shule haiko mbali sana, kwa hiyo hapo kwenye gari weka bei ya kwenu.

Ada ya muhula ni nusu ya mwaka, yaani 600,000. Gari nalipa 240,000 kwa muhula, kwenda na kurudi. Sare za mtoto anayeanza zilinifikia 186,000: jozi mbili za shati na kaptula 70,000, traksuti 40,000, viatu 30,000, sweta 25,000, fulana ya michezo 15,000 na soksi 6,000. Vitabu, madaftari, kalamu za risasi na remu ya karatasi vikala 110,000. Chakula kwetu kimo ndani ya ada. Kama kwenu kinalipiwa pembeni, kiongeze. Ukijumlisha unapata 1,136,000.

Sasa punguzo. Wazazi wengi wakisikia asilimia 10 wanaitoa kwenye jumla yote, wanapata 113,600, wanabaki wakijua watalipa 1,022,400. Shule haikati hivyo. Punguzo la ndugu kwa kawaida ni la ada peke yake. Gari lina mafuta na dereva wake, sare zina fundi wake, vitabu vina duka lake, na huko kote hawagusi. Kwa hiyo unakatiwa asilimia 10 ya 600,000, ambayo ni 60,000, na ndiyo maana nimekwambia 1,076,000. Ukiipima 60,000 hiyo dhidi ya gharama yote ya muhula, ni kama asilimia 5 tu.

Kabla hujaihesabu hiyo 60,000 kuwa yako, nenda kwa mhasibu na karatasi ya mchanganuo wa ada, umuulize mambo matatu, na umwombe ayaandike kwenye hiyo karatasi.

La kwanza, punguzo ni la mtoto yupi. Shule nyingi zinakata kwa yule wa pili kuandikishwa, ambaye ndiye mdogo, na ada ya madarasa ya chini huwa ndogo. Kama ada ya la nne kwenu ni 650,000 kwa muhula, punguzo kwa mkubwa lingekuwa 65,000. Tofauti ya 5,000 si ya kugombana nayo, lakini kama mkubwa yuko bweni tofauti inakuwa kubwa, na kuuliza hakukugharimu kitu.

La pili, linakatwa lini, na hili ndilo linalobana watu Januari. Ada ya mwaka kwa kawaida inagawanywa awamu nne, mbili kila muhula. Zipo shule zinazokata kidogo kidogo kila awamu, yaani kwako 30,000, na zipo zinazolimbikiza punguzo lote la mwaka hadi awamu ya mwisho. Piga hesabu ya Januari peke yake: ada ya awamu ya kwanza 300,000, gari nusu muhula 120,000, sare 186,000, vitabu 110,000. Hiyo ni 716,000 inayotoka ndani ya wiki chache, na mkubwa naye bado ana zake. Wakikata kila awamu utalipa 686,000. Wakilimbikiza, punguzo utaliona awamu ya nne, ambapo badala ya 300,000 utalipa 180,000. Kwa mwaka mzima ni pesa ileile, ila mfuko wa Januari hauna habari na Septemba. Awamu ya pili ni nyepesi, ada na gari tu, 420,000.

La tatu, linafutwa kwa sababu gani. Masharti ya kawaida ni kulipa kabla ya tarehe fulani na mkubwa kutokuwa na deni. Hapo angalia sana, maana deni la mmoja linaweza kuondoa punguzo la mwingine. Mimi nikilipa benki nahakikisha kila mtoto ana malipo yake kwa namba yake, na ada siichanganyi na pesa ya gari, ili mhasibu asije akasema ada ya mmoja haijatimia wakati pesa imeingia kwa mwenzake.

Kama unataka unafuu wa kweli, nguvu zako zipeleke kwenye gari. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo, kwa hiyo muhula ni kama siku 97. Ile 240,000 ukiigawa unapata karibu 2,500 kwa siku kwa mtoto mmoja. Wako wawili wanapanda gari moja, kituo kimoja, mlango mmoja. Dereva haongezi hata kona moja kwa ajili ya wa pili. Hiyo ndiyo hoja niliyopeleka kwa mkuu wa shule: sikuomba waongeze punguzo la ada, niliomba mtoto wa pili apunguziwe nauli. Walinikatia robo, 60,000 kwa muhula, sawa kabisa na punguzo la ada. Si kila shule itakubali, lakini ombi hili wanalielewa, kwa sababu kiti kikiwa kitupu hakiwaingizii chochote. Daladala kwa mwanafunzi ni 200, nafuu mno, lakini mtoto wa la kwanza huwezi kumwacha agombee mlango alfajiri na makonda wanaokwepa wanafunzi. Kwa huyu hesabu ya daladala iache kwanza.

Kwenye sare, uliza kama wanalazimisha ununue zote kwao. Mara nyingi vyenye nembo, yaani sweta, traksuti na fulana, ni lazima vitoke shuleni, lakini kaptula na soksi unaweza kushona au kununua popote rangi ikifanana. Tena una mkubwa wa la nne. Fungua kabati utoe sweta na traksuti alizovaa akiwa la kwanza na la pili. Vikiwa bado vizima, 65,000 imebaki mfukoni, zaidi ya punguzo lenyewe la ndugu. Viatu usirithishe, soli ikishakaa kwa mguu wa mwingine inamuumiza mtoto.

Muhula wa pili nimeuweka 810,000 kwa sababu sare hununui tena: ada 600,000, gari 240,000, madaftari ya kuongezea kama 30,000, toa 60,000. Mwaka mzima kwa mdogo ni 1,886,000 kabla ya kupunguziwa chochote kwenye gari au sare.

Na unapopanga ya miaka ijayo, kumbuka punguzo linategemea ndugu wawili kuwa shuleni kwa pamoja. Mwaka unaofuata baada ya mkubwa kumaliza msingi, mdogo anarudi kwenye ada kamili, na mwaka huohuo mkubwa anaanza sekondari na sare mpya kabisa.