Bei ya bwawani si bei ya sokoni: kwa wanaoanza kuandika mikataba ya mikopo

Wadogo zangu, wiki hii nimepitia misimbo ya vijana watatu, kila mmoja na mkataba wake mahiri wa kukopesha, na wote watatu nimewakuta na mistari hii hii, inayosoma bei kwenye bwawa la ukwasi, yaani akiba ya tokeni mbili ambamo watu hubadilisha moja kwa nyingine:

```solidity
(uint112 r0, uint112 r1, ) = pair.getReserves();
uint256 bei = uint256(r1) * 1e18 / uint256(r0);
```

Moyo uliniruka. Mistari hiyo niliwahi kuiandika kwa mkono wangu, ikapita vipimo vyote, na watu wakapoteza pesa. Kwa hiyo leo nitakuwa mkali kidogo, mnivumilie.

1. Mkataba hauoni nje. Unajua tu kilichoandikwa kwenye mnyororo wa bloku. Hauwezi kufungua tovuti wala kumuuliza mtu sokoni. Bei ya dola, ya ETH au ya tokeni yenu lazima iletwe, na anayeileta ndiye orakeli. Wengi mnaishia kuuliza kama orakeli huyo anasema kweli. Ulizeni pia itamgharimu mtu kiasi gani kumfanya aseme uongo kwa dakika moja, halafu linganisheni gharama hiyo na pesa zilizomo kwenye hazina yenu.

2. Bwawa la ukwasi halijui bei, linajua uwiano. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo nilipoumia.

Tulikuwa timu ndogo. Mtu anaweka tokeni yetu kama dhamana, anakopa DAI, sarafu inayolenga thamani ya dola moja, hadi 60% ya thamani yake. Tokeni ilikuwa na bwawa moja tu la mtindo wa Uniswap V2, lenye tokeni 100,000 na DAI 100,000, yaani tokeni moja kwa DAI moja. Mimi nikaona mambo ni rahisi: watu wananunua humo kila siku, basi mkataba na usome bei humo humo. Vipimo vikapita vyote. Sikuandika hata kimoja ambacho mtu ananunua kwa fujo.

Usiku mmoja, saa tisa, mwenzangu akaniandikia: "Kaka, hazina imebaki tupu." Nikafungua muamala. Ulikuwa mmoja tu, wenye orodha ndefu ya uhamisho, nikaufuata mstari kwa mstari nikiwa na kalamu mkononi.

Mshambuliaji alikuwa na tokeni 60,000 alizokusanya polepole siku zilizopita. Ndani ya muamala ule alichukua mkopo wa papo hapo wa DAI 100,000, ule usiohitaji dhamana mradi ulipwe kabla muamala haujaisha. Akazimwaga zote bwawani kununua tokeni. Tukiiacha ada kando kwanza, bwawa hulinda zao la pande zake mbili: 100,000 mara 100,000. DAI zilipofika 200,000, tokeni zilibidi zibaki 50,000, na 50,000 nyingine zikamwendea yeye. Sasa gawanya 200,000 kwa 50,000. Mkataba wangu ukasoma bei ya 4.

Papo hapo akaweka dhamana zile tokeni 60,000 za zamani. Mkataba ukazithamini DAI 240,000, ukamruhusu kukopa 144,000. Akakopa zote, maana ndicho kiasi kilichokuwamo. Alikuwa amepiga hesabu hadi senti. Kisha akarudisha bwawani zile tokeni 50,000, akapata DAI zake, akalipa mkopo wa papo hapo. Ada ya 0.3% ya kwenda na kurudi ilimgharimu DAI 300 hivi. Kwetu aliacha tokeni 60,000 ambazo bei yake sasa ilikuwa 1, na deni la 144,000 ambalo hakuna mwenye akili angelirudi kulilipa. Shimo la DAI 84,000.

Nilipofungua chati ya bei, sikuona kitu. Mstari ulikuwa umenyooka, kwa sababu bei ilipanda na kushuka ndani ya muamala mmoja, na bloku ilipofungwa kila kitu kilikuwa mahali pake. Ndiyo maana nawaambia msitafute dalili kwenye chati. Fungueni muamala wenyewe: kununua, kuweka dhamana, kukopa, kuuza, vyote chini ya namba moja. Ukiona mpangilio huo umeshajua.

Mtu mmoja aliyekuwa ameweka DAI 2,000 aliniandikia sentensi moja: "Mlituambia bei inatoka sokoni." Nilimjibu kwamba kosa ni langu, na sikuwa na neno la kuongeza. Sentensi ile bado ninayo.

3. Tumieni orakeli inayokusanya bei kutoka masoko mengi nje ya mnyororo, kama Chainlink, lakini someni pia muda wa bei:

```solidity
(, int256 bei, , uint256 muda, ) = feed.latestRoundData();
require(bei > 0, "bei mbaya");
require(block.timestamp - muda <= 3900, "bei imechacha");
```

ETH/USD kwenye Ethereum husasishwa bei ikisogea 0.5% au saa moja ikipita, ndiyo maana nimeweka sekunde 3600 na nyongeza ya dakika tano. Jozi nyingine zina muda wake, msinakili namba yangu. Na desimali someni kwa `decimals()`, kwani jozi za dola kwa kawaida zina 8 na za ETH zina 18.

4. Wastani wa bei kwa muda husaidia, kwa kuwa mkopo wa papo hapo hauwezi kuvuka bloku. Ila mtu mwenye pesa zake mwenyewe anavuka. Aprili 2022 jukwaa la mikopo la Inverse Finance lilipoteza takribani dola milioni 15.6 wakati likisoma wastani: soko la INV, tokeni yake, lilikuwa jembamba, dirisha la wastani fupi, na mshambuliaji akaisukuma bei na kuishikilia kwa muda uliomtosha.

5. Hili ndilo vijana wazuri hulikosa hata baada ya kusahihisha yote ya juu. Tarehe 11 Oktoba 2022, jukwaa la Mango Markets kwenye mnyororo wa Solana. Mtu mmoja alifungua akaunti mbili, kila moja na USDC milioni 5. Moja ikauza mikataba ya bei ya baadaye ya MNGO, tokeni ya Mango, nyingine ikanunua, zaidi ya milioni 480, kwa takribani senti 4. Kisha akanunua MNGO kwenye masoko halisi hadi bei ikapita senti 90. Orakeli hazikudanganya: zilileta bei iliyokuwepo sokoni dakika ile. Faida ya kwenye karatasi ya akaunti ya pili ikageuka dhamana, naye akakopa na kuondoka na zaidi ya dola milioni 100 za mali za watu wengine.

Orakeli nzuri haiongezi kina cha soko. Tokeni ambayo dola milioni chache zinatosha kuipandisha mara ishirini isiruhusiwe kudhamini mamilioni, hata kama bei yake inaletwa na malaika. Wekeni kikomo cha dhamana kwa kila tokeni, na kikomo hicho kitoke kwenye hesabu ya gharama ya kuisukuma bei yake.

Kwa hiyo, ninyi watatu, kabla hamjanirudishia misimbo yenu, andikeni kipimo kimoja: nunua nusu ya tokeni zilizomo bwawani, kopa hadi mwisho, uza, halafu hesabu hazina. Nitumieni salio la kabla na la baada. Nalingoja Ijumaa.