Yankee ikitiki timu moja: kwa keshia mgeni dirishani

Wiki yako ya kwanza dirishani kwenye duka la kubeti haitaisha kabla hujaletewa tiketi ya Yankee, ile system ya timu nne, yenye timu moja iliyotiki, na mwenyewe anataka hela. Mimi aliniletea mzee mmoja, fundi cherehani, Jumapili jioni. Alikuwa ameweka 11,000 kwenye timu nne zenye odi za 2.00, 1.80, 2.50 na 1.60. Ya 2.50 ikashinda, tatu zikamwangusha. Mashine ikasoma sifuri. "Mwanangu, si asubuhi uliniambia system haichaniki?" Ni kweli nilimwambia hivyo, na kosa lilikuwa langu.

Nilichotakiwa kumwambia ni kwamba Yankee si mkeka mmoja. Ni mikeka midogo 11 iliyobanwa kwenye tiketi moja, na kila mmoja tunauita laini. Chukua timu nne, zipange mbilimbili kwa kila namna: unapata laini 6. Zipange tatutatu: laini 4. Halafu zote nne pamoja, laini 1. Trixie ni ndugu yake mdogo wa timu tatu: laini 3 za timu mbilimbili na 1 ya zote tatu, jumla 4. Kote humo hakuna laini ya timu moja peke yake. Kwa hiyo ile 2.50 ya mzee, kila ilipokaa, ilikaa na mwenzake aliyepoteza.

Dau nalo hugawanyika sawa kwa laini. Zile 11,000 zilikuwa 1,000 mara 11. Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia, kwa hiyo mteja akisema "niwekee elfu mbili Yankee", usibonyeze kitu. Muulize: elfu mbili kila laini, au jumla? Ya kwanza atalipa 22,000. Ya pili kila laini inabaki na shilingi 181 na ushee, na akishinda atashangaa mbona hela imekuwa kiduchu. Muulize kabla hujapokea noti, maana tiketi ikishatoka, kuifuta mara nyingi ni mpaka umwite msimamizi.

Turudi kwa mzee. Tuseme zingetiki mbili, ya 2.00 na ya 1.80. Laini moja tu ndiyo hai: 2.00 mara 1.80 ni 3.60, mara 1,000, analipwa 3,600. Katoa 11,000, kwa hiyo kapoteza 7,400, ingawa tiketi imeandikwa ushindi. Ili timu mbili zirudishe dau la Yankee, odi zao zikizidishwa lazima zifike 11. Kwenye Trixie zinatakiwa kufika 4, na hilo timu mbili za 2.00 zinaliweza. Wateja wa timu za odi ndogondogo hawapendi kuisikia hesabu hii, lakini waambie.

Zikitiki tatu mambo hubadilika. Za 2.00, 1.80 na 2.50 zinafufua laini nne: 3.60, 5.00, 4.50 na ile ya tatu kwa pamoja, 9.00. Jumla 22.10, yaani 22,100 kabla ya kodi. Zote nne zingempa 67,540. Hapo wapo watakaolalamika kwamba mkeka wa kawaida wa 11,000 ungetoa 158,400. Ni kweli, ila huo ungechanika kwa timu moja tu.

Kuhakiki tiketi bila kuandika laini zote, kuna njia niliyofundishwa na keshia mwenzangu. Chukua odi za timu zilizotiki tu, kila moja iongeze 1, zizidishe, kisha toa 1, toa na jumla ya odi zenyewe. Kwa zile tatu:

```
3.00 × 2.80 × 3.50 − 1 − 6.30 = 22.10
```

Zidisha na dau la laini. Jaribu sasa kwa timu moja ya 2.50: 3.50 toa 1 toa 2.50. Sifuri.

Anayetaka timu moja imlipe, mwelekeze Patent, ambayo ni Trixie pamoja na laini 3 za timu mojamoja, au Lucky 15, ambayo ni Yankee na 4 za namna hiyo. Kwa Lucky 15 mzee angelipa 15,000 na kurudishiwa 2,500. Sikuwahi kuiona kama faraja kubwa.

Ila ukiona Yankee ya mshindi mmoja imelipa, usikimbilie kusema mashine imekosea. Angalia kama kuna mchezo ulioahirishwa. Mchezo uliofutwa huhesabiwa odi 1.00, kwa hiyo ule wa 2.50 unapata mwenzake: 3.50 mara 2.00, toa 1, toa 3.50. Inabaki 2.50, na kwa dau la 1,000 kila laini unamhesabia 2,500.