Siku ya kuwaambia watu ovataimu imekwisha

Kwenye viwanda vya samaki hapa Mwanza, habari mbaya huwahi kufika kuliko mkutano wenyewe. Magari ya sangara yakianza kuadimika getini, watu wa minofu wanaelewa bila kuambiwa, maana wao ndio wanaokaa mezani na visu wakisubiri samaki. Kwa hiyo msimamizi anaposimama kantini, wanachongoja kwake ni mambo matatu tu: kiasi gani, kuanzia lini, na nani.

Nimesimamia zamu kwa miaka, na naona wengi wetu tunaharibu mwanzo. Tunasalimia, tunashukuru uongozi, tunasifu uchapakazi, tunaeleza hali ya soko la Ulaya, na muda wote huo aliyekaa mbele yako anajiuliza kama yeye ndiye anayefukuzwa. Salamu lazima, usionekane huna adabu. Baada ya salamu, sema jambo lenyewe. Mimi ningesema hivi:

"Ndugu zangu, za asubuhi. Kuanzia tarehe 1 mwezi ujao, ovataimu inasimama kwa idara yote ya minofu, zamu zote mbili. Mshahara wa msingi haujaguswa. Chakula na gari la usiku vinabaki."

Hapo umesema kinachokatwa, tarehe, wanaohusika, na kisichoguswa. Hicho cha mwisho usikisahau, kwa sababu usipokitaja watu watajijazia wenyewe, na watajaza vibaya.

Kisha ligeuze kuwa shilingi. Chukua mtu wa mshahara wa msingi wa 260,000 anayefanya kazi saa 45 kwa wiki. Kwa mwezi hiyo ni kama saa 195, hivyo saa moja ni takriban 1,333. Ovataimu kisheria hulipwa mara moja na nusu, yaani 2,000. Aliyekuwa akifanya saa 40 za ziada anapoteza 80,000 kabla ya makato. Ukisema "tunabana matumizi" hakuna anayejua ameumia kiasi gani. Ukisema 80,000, mama mwenye watoto wa shule anaanza kupiga hesabu palepale, na maswali yake yatakuwa ya maana.

Sababu inafuata, na iwe moja inayoweza kuonekana kwa macho: samaki wanaoingia sasa wanakwisha kabla ya saa za kawaida kwisha, hivyo hakuna kazi ya kujaza saa za ziada. Kabla ya kuitamka, jiulize kama itahimili swali la mzee wa nyuma kuhusu gari jipya la bosi. Atauliza, hata kama si kwa sauti. Sababu isiyohimili hilo ni afadhali uirudishe kwa waliokutuma, wakupe nyingine ya kweli.

Hatua zinazofuata ndizo nazipa muda mrefu kuliko vyote. Wengi wana mikopo ya SACCOS, na rejesho lilipangwa ovataimu ikiwa bado ipo. Basi mkutano usiishe bila kuwaambia nani wa uhasibu ataandika barua za kuomba rejesho lipunguzwe, anapatikana siku gani, na mwisho wa kupeleka jina ni lini. Taja pia tarehe ya kuangalia tena hali ya samaki. Tarehe hiyo ikifika na huna jipya, simama useme huna jipya.

Swali la "kuna watakaopunguzwa?" halikwepeki. Usijibu "hapana" kwa huruma. Kama uongozi umeanza kulifikiria, mpangilio wote niliousema unabadilika, kwa sababu kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio mapema, atoe taarifa zote muhimu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kabla ya kupunguza mtu. Majadiliano hayo yanagusa sababu, namna ya kuepuka, vigezo vya kuchagua, muda na kiinua mgongo. Ukitangaza majina kwanza na kuita kikao baadaye, umewapa njia ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hapo sema: "Linafikiriwa, halijaamuliwa, na kikao na wawakilishi wenu ni tarehe fulani."

Zamu ya usiku isikie kwako, siku hiyohiyo, kwa maneno yaleyale. Ukiwaachia wapate kwenye grupu la WhatsApp, watapata ya mtu aliyeondoka kabla hujamaliza kusema. Nami huwa sipendi kuuliza "mmeelewa?", maana jibu lake ni "ndiyo" siku zote. Baada ya chai humfuata mmoja mmoja: "Dada, nyumbani utawaambiaje leo?" Akijibu kwamba kiwanda kinafungwa, najua kesho asubuhi narudi kantini.