Ctrl+F haipo kwenye simu ya mzazi

Swali: Mimi ni mwalimu wa taaluma. Matokeo ya NECTA yakitoka huwa naandika kwenye kundi la wazazi: "Fungua kiungo, bonyeza Ctrl+F, andika namba ya mtoto." Wengine wanaipata papo hapo, wengine wananipigia kwamba hakuna kinachotokea. Sijui nani anatumia kompyuta gani au simu gani. Niandikeje?

Jibu: Mwalimu, taja kwanza kazi yenyewe na kitu ambacho mzazi atakiona, vitufe vije baadaye. Kazi ni kutafuta namba ndani ya ukurasa, na kitakachoonekana ni kisanduku kidogo cha kuandikia. Hayo mawili ni yale yale kwenye kila kifaa. Usimwambie kisanduku kitatokea upande gani, maana kwenye kompyuta Chrome hukiweka juu na Firefox hukiweka chini.

Pili, anza na simu. Ujumbe wako unasomwa WhatsApp, kwa hiyo wengi wataugusa kiungo wakiwa kwenye simu hiyo hiyo, ambako kibodi haina Ctrl na haijitokezi mpaka uguse mahali pa kuandika. Kwenye Android, ndani ya Chrome, njia ni vitone vitatu vya pembeni kisha "Find in page". Simu iliyowekwa Kiswahili itaonyesha maneno mengine, ndiyo maana vitone ni alama salama zaidi kuliko maneno. Kwenye iPhone, ndani ya Safari, ningetumia njia ya sehemu ya anwani: mzazi anaigusa, anaandika namba bila kubonyeza kitufe cha kwenda, kisha anashuka hadi mwisho wa mapendekezo kwenye "On This Page". Njia ya menyu nayo ipo, ila Apple wamekuwa wakiihamisha toleo hadi toleo.

Kompyuta zije mwisho, na hapa ndipo maneno yanapoponza watu. Ukiandika "Ctrl/Cmd+F", wapo watakaotafuta kitufe cha mkwaju na cha kujumlisha. Ukiandika F kubwa, wapo watakaoshikilia Shift ili itoke kubwa. Eleza mwendo wa vidole: shikilia kimoja, gusa herufi f mara moja, achia vyote. Mac nayo ina mtego wake, kwa sababu ina kitufe cha control na pia cha command. Mzazi mwenye Mac akikutii neno kwa neno atabonyeza control na f, na kisanduku hakitafunguka. Kwenye Mac vitufe hivyo husogeza tu mshale mbele herufi moja mahali pa kuandikia. Mtajie kitufe cha command, chenye alama ⌘, kilicho jirani na kitufe kirefu cha nafasi.

Ningeuandika hivi:

> Fungua kiungo, kisha tafuta namba ya mtoto ndani ya ukurasa. Andika tarakimu nne za mwisho tu, mfano 0045.
>
> Simu ya Android (Chrome): gusa vitone vitatu, chagua "Find in page", andika namba.
>
> iPhone (Safari): gusa sehemu ya anwani, andika namba, shuka chini hadi "On This Page", gusa namba iliyo hapo.
>
> Kompyuta: shikilia kitufe cha Ctrl na uguse f. Kama kompyuta yako ni Mac, shikilia command (⌘) badala ya Ctrl. Kisanduku kikitokea, andika namba.

Nimeweka tarakimu nne kwa makusudi. Namba kamili ina S, namba ya shule na mkwaju, na kosa la herufi moja linatosha kuzuia isionekane. Lakini tarakimu nne zinafaa tu kama kiungo kinafungua ukurasa wa shule yenu moja kwa moja. Ukiwatumia ule wa mwanzo wenye orodha ya shule zote, watatafuta vizuri kabisa na wasimpate mtoto.

Kuna kundi moja ambalo ujumbe huu hautalisaidia: waliofungua kiungo ndani ya Facebook. Dirisha lile ni la Facebook yenyewe, si Chrome wala Safari, na menyu yake ni tofauti. Hao waambie wanakili kiungo na kukifungua kwenye kivinjari chao cha kawaida.

Mzazi akipiga simu bado, usianze kwa kumuuliza ana kompyuta gani; wengi hawajui jina lake. Muulize kama anaona kisanduku cha kuandikia. Akisema hakioni, tatizo ni vitufe au menyu, na hapo ndipo umuulize kama ameshika simu au yuko kwenye kompyuta. Akikiona na kimeandika 0/0, ametafuta sawasawa ila yuko kwenye ukurasa usio wake, au ukurasa haujamaliza kufunguka, au kuna aliyesambaza matokeo kama picha. Maandishi yaliyo ndani ya picha, kutafuta kwa kawaida ndani ya ukurasa hakuyaoni.