Njia ya mbio za nyika shuleni: mizunguko miwili inatosha

"Wakuu, nimepewa jukumu la kuandaa mbio za nyika shuleni, watoto wa miaka 8 hadi 16. Njia niichoreje, umbali niugaweje, na wasimamizi niwaweke wapi ili mtoto asipotee wala asiumie?"

Mkuu, usihangaike kuchora njia tofauti kwa kila umri. Mimi hutumia mzunguko mkubwa wa mita 1,000 na mdogo wa mita 500, yote ikianzia na kuishia uwanjani. Chini ya miaka 10 wanapiga mkubwa mara moja. Chini ya 12, mdogo kisha mkubwa. Chini ya 14 mkubwa mara mbili, na chini ya 17 mara tatu. Wagawe kwa tarehe ya kuzaliwa, maana darasa moja laweza kuwa na watoto waliopishana miaka mitatu. Pima kwa futi ya mkanda au gurudumu la kupimia. Simu hudanganya penye miti.

Patamu na pachungu ni njiapanda, pale mzunguko mdogo unapochepuka. Iweke kama mita 200 kutoka mwanzo. Hapo simamisha mtu mzima mwenye kichwa kilichotulia, na utepe unaoziba kabisa tawi lisilotumika. Kundi la chini ya 12 likipita mara ya kwanza, tawi kubwa limezibwa. Anahesabu mpaka mtoto wa mwisho apite, ndipo anahamisha utepe. Wa kwanza atarudi hapo akiwa amekimbia mita 700, hivyo muda upo. Akihamisha mapema, wa nyuma wanaingia mkubwa huku wenzao wako mdogo, na matokeo yote yanaharibika.

Wasimamizi wengine waweke kwenye kona, upande wa nje, wakiwatazama wakimbiaji wanaokuja, kila mmoja akimwona mwenzake wa mbele. Pasipoonekana, ongeza mtu. Wape filimbi, na wakubaliane kwamba mtoto akianguka mmoja anabaki naye, hakuna kuondoka wote. Utepe ufunge usawa wa kiuno. Ukiwa shingoni unakata. Barabara ya magari usiivushe hata kama kuna trafiki. Badili njia tu.

Mwanzo nao uwe mpana na ulionyooka mita 150 au zaidi kabla ya kona ya kwanza. Watoto wote hutoka kwa kasi, na ukiwabana mapema wanakanyagana.

Usianzishe kundi jipya kabla la mbele halijaisha. Mwalimu mmoja afuate nyuma ya mtoto wa mwisho. Mwishoni tengeneza kichochoro cha kamba cha mtu mmoja mmoja, uwape kadi zenye namba kwa mpangilio wa kufika. Walioanza 43, kadi zikitoka 42, usipige kipenga cha kundi linalofuata: mwite mwalimu aliyekuwa nyuma, kisha pitia wasimamizi mmoja mmoja mpaka huyo mtoto apatikane.