Mbuga ndani ya jiji: msongamano wa Nairobi tuuhesabuje?

*Swali: Habari mtaalamu. Nafanya kazi ya darasani ya kulinganisha Nairobi na Dodoma. Nimegawa watu kwa eneo nikapata Nairobi 6,247 kwa kilomita ya mraba na Dodoma 276. Mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Umehesabu na swala?" Nimekosea wapi?*

Hesabu yako ni sahihi, ila mwalimu anakuuliza juu ya kigawanyo. Sensa ya Kenya ya 2019 ilikuta Nairobi ina watu 4,397,073 katika kilomita za mraba 703.9, na hapo ndipo 6,247 inapotoka. Lakini ndani ya eneo hilo imo Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kilomita za mraba 117 hivi, wanakokaa simba na vifaru. Ukiitoa, zinabaki 586.9 na msongamano unapanda hadi 7,492.

Kwa jiji zima tofauti hiyo si ya kutisha. Ishuke hadi kwenye kaunti ndogo ndipo utaona vituko. Mbuga yote imeandikwa Lang'ata, ambayo ina watu 197,489 katika kilomita 216.8, yaani 911 kwa kilomita. Toa mbuga, inakuwa 1,979, zaidi ya maradufu, na hakuna mtu hata mmoja aliyehamia. Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka kikaoni ramani ambayo Lang'ata ilikuwa na rangi hafifu kama kijijini. Mzee mmoja anayekaa kwenye maghorofa ya huko akaniuliza kama nimewahi kufika.

Sasa Dodoma. Sensa ya 2022 iliwakuta watu 765,179, na eneo la jiji ni kilomita za mraba 2,769. Sehemu kubwa ya eneo hilo ni mashamba na pori, na hapa usifanye kama tulivyofanya kwa mbuga. Mbugani hakuna makazi ya kuhesabu, kwa hiyo unapunguza eneo peke yake. Shambani watu wanaishi. Ukiondoa ardhi ya Mpunguzi au Hombolo halafu ukawaacha wakulima wake kwenye jumla ya watu, umewahamishia mjini kwa kalamu, na msongamano utakaopata ni wa uongo. Kata ikitoka, itoke na watu wake. Na ikiwa kata moja ni nusu mji nusu shamba, shuka hadi mtaa au kijiji, usikisie asilimia.

Kuna ugomvi mwingine: ukishatoa mbuga, kwa nini usitoe Msitu wa Karura, uwanja wa ndege, au barabara? Kila mtu atachora mstari wake pale panapomfaa. Ndiyo maana mimi hupenda njia isiyohitaji kukata kitu: wastani wenye uzito wa watu. Chukua msongamano wa kila kaunti ndogo, uzidishe kwa watu wake, jumlisha zote, kisha gawa kwa watu wote. Sehemu tupu haina watu, kwa hiyo haina sauti kubwa. Watu wakiwa safu B na eneo safu C, kaunti ndogo zote 11 za Nairobi zinakaa hivi:

```
=SUMPRODUCT(B2:B12,B2:B12/C2:C12)/SUM(B2:B12)
```

Utapata takriban 13,200. Huo ndio msongamano anaoishi nao mkazi wa wastani, na ni zaidi ya mara mbili ya ule wa kawaida. Pengo hilo lenyewe ni kipimo: likiwa dogo, watu wametandazwa karibu sawasawa, likiwa kubwa, ama mpaka umebeba ardhi tupu, ama watu wamebanana upande mmoja. Nairobi ina yote mawili.

Ila njia hii nayo ina kasoro zake. Mathare ina watu 206,564 kwenye kilomita za mraba 3.0 tu. Hao hawafiki asilimia 5 ya wakazi wa jiji, lakini wanachangia karibu robo ya jumla ile ya juu. Eneo hilo likipimwa 3.1 badala ya 3.0, msongamano wa Mathare unashuka kwa zaidi ya watu 2,000 kwa kilomita. Pia jibu hubadilika na ukubwa wa vipande: ukitumia vidogo zaidi, kwa kawaida namba hupanda. Kwa hiyo usilinganishe kaunti ndogo za Nairobi na kata za Dodoma. Kata ya Dodoma ilinganishe na kipande cha Nairobi chenye watu wanaokaribiana nayo kwa idadi.

Kwenye jedwali lako weka safu tatu kwa kila jiji: msongamano wa mpaka mzima, wa bila hifadhi, na wenye uzito. Chini yake andika mwaka wa sensa na ulichokitoa, kwa kilomita za mraba. Swala wa mwalimu watakuwa wameandikwa hapo.