Dawa ya kolesteroli na mimba changa

"Natumia atovastatini. Jana hapa Lamu kipimo kimeonyesha nina mimba. Je, nimemdhuru mtoto?"

Pole dada, usikonde. Kuimeza mwanzoni bila kujua hakujaonekana kuleta ulemavu, ila acha leo na umwambie daktari. Mwili wa mtoto hujengwa kwa kolesteroli, ndiyo maana dawa husimamishwa. Nayo mishipa huziba polepole kwa miaka, kwa hiyo wengi hawapotezi kitu wakipumzika hadi wamwachishe mtoto ziwa. Lakini kama umewahi kupata shambulio la moyo, au kolesteroli yako ni ya kurithi, daktari wa moyo ndiye aamue. Pengine atakupa kolestiramini, isiyoingia kwenye damu. Mimba ijayo, acha atovastatini miezi 3 kabla ya kuacha uzazi wa mpango.